Sikoseli, mteremko wa Nandi na swali la mbari za binadamu

"Mwalimu, hujambo. Kijana wangu wa kidato cha tatu amerudi nyumbani akisema wanabaiolojia hawakubali kwamba binadamu wamegawanyika katika mbari. Mimi nimeishi Nakuru zaidi ya miaka 20. Naona Mzungu, naona Mhindi, naona Mturkana, na tofauti iko wazi. Sikoseli si ugonjwa wa watu weusi? Na kama mbari hazipo, kipimo cha DNA kinajuaje mababu wa mtu walitoka wapi?" – Mama, Nakuru

Mama, macho yako hayakudanganyi, na kijana naye hajadanganywa. Watu tunatofautiana, na sehemu ya tofauti hizo imeandikwa kwenye jeni zetu. Wanachokikataa wanabaiolojia ni dai moja mahususi: kwamba ukizichora tofauti hizo kwenye ramani utapata mafungu machache yenye mipaka, weusi hapa, weupe pale, Waasia kule, kila fungu na jeni zake. Ukikaa ukazichora kweli, jeni moja baada ya nyingine, unachopata ni miteremko. Kitu ni kingi hapa, kinapungua kidogo mbele, kinapungua tena, hadi kinakaribia kuisha, na huoni mahali pa kusimika bikoni. Nitaanza na hiyo sikoseli uliyoitaja, kwa sababu mteremko wake uko hapa kwetu na unaweza kuupanda kwa matatu asubuhi moja.

Himoglobini ni ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Katika jeni inayotengeneza sehemu yake moja kuna mahali ambapo herufi moja tu ya DNA imebadilika, A ikawa T, na badiliko hilo ndilo linaloleta himoglobini S. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbili nzima ni AA. Mwenye moja nzima na moja iliyobadilika ni AS, na kwa kawaida anaishi maisha yake yote bila kujua. Mwenye mbili zilizobadilika ni SS, na huyo ndiye mgonjwa wa sikoseli, au selimundu kama vitabu vinavyoiita.

Jina la mundu si la kupamba. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu hapa Kisumu: tone la damu ya mtu wa AS juu ya kioo, tone la sodiamu metabisulfaiti la kunyonya oksijeni, kipande chembamba cha kioo juu yake, kingo zikazibwa hewa isipite. Mwanzoni ukichungulia kwenye hadubini unaona chembe za duara kama sahani. Ukisubiri nusu saa, pengine zaidi, zinaanza kujikunja na kuchongoka ncha mbili, hadi unaona uwanja mzima wa mundu. Ndani ya mwili wa mtu wa AS oksijeni haishuki hivyo kirahisi, ndiyo maana haumwi. Kwa mtu wa SS hutokea, chembe zinaziba mishipa midogo, na yanakuja yale maumivu ya mifupa ambayo wazazi wa huku wanayajua.

Sasa ramani. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani, na huku kando ya Ziwa Viktoria, alikuta watu 20 hadi 30 katika kila 100 wana jeni ya S. Kwenye nyanda za juu hakufikisha hata mmoja katika 100. Nchi moja, watu ambao Mzungu wa wakati ule aliwaita wote kwa jina moja la "weusi", na tofauti kubwa kiasi hicho kwa mwendo wa saa chache wa gari.

Allison aliona kwamba ramani ile inafanana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Mtu wa AS analindwa. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe zake, chembe hizo hujikunja upesi na wengu huziondoa kabla kimelea hakijazaana vya kutosha. Leo tunajua kwamba mtoto wa AS ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile inayopanda kichwani au inayomaliza damu. (Allison alifika mbali katika kutafuta jibu: aliwaambukiza malaria wanaume 30 Waluo waliojitolea. Kati ya 15 wa AS, 2 tu walionyesha vimelea kwenye damu. Kati ya 15 wasio na S, 14. Matokeo yale yalisaidia sayansi, lakini sioni jaribio la namna hiyo likiruhusiwa leo, na ni haki lisiruhusiwe.)

Basi pale penye malaria nyingi, watoto wa AS walipona na kukua kuliko wenzao wa AA, wakazaa, na jeni ya S ikaongezeka. Ilizuiwa isienee kwa wote na vifo vya watoto wa SS. Pasipo na malaria, S haileti faida yoyote, inabaki hasara yake tu, nayo hupungua kizazi baada ya kizazi.

Na malaria yenyewe inategemea joto. Falsiparam, kimelea kinacholeta malaria hiyo kali, kinahitaji kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Kwenye nyuzijoto 25 hilo huchukua siku 12 hivi. Kwenye 20 huchukua karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla. Kwenye 18 ni karibu miezi miwili, na mbu wa kuishi hivyo ni wa kutafuta kwa tochi. Chini ya 16 hakikomai kabisa. Toka sasa ziwani, mita 1,134 juu ya bahari, pita uwanda wa Kano ambako mvua ikinyesha maji yanatuama hadi mlangoni, kisha upande ukingo wa Nandi hadi kwenye majani chai, karibu mita 2,000. Kila mita 100 unazopanda, joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi. Hakuna mahali kwenye barabara hiyo malaria inapokoma ghafla kama iliyokatwa kwa panga. Inapungua kona kwa kona, na jeni ya S, kwa karne nyingi, imepungua nayo.

Nataka uone uzito wa mteremko huu kwa hesabu. Tuseme chini ziwani watu 20 katika 100 ni AS. Ukichukua ndoa 100, zile ambazo baba na mama wote ni AS zitakuwa kama 4, kwa maana 20 katika 100 ya 20 ni 4. Katika ndoa hizo, mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa SS. Kwa hiyo mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa. Panda juu, ambako tuseme ni mtu 1 tu katika 100: ndoa ya AS kwa AS inakuwa 1 katika 10,000, na mtoto wa SS 1 katika 40,000. Jeni imepungua mara 20, ugonjwa umepungua mara 400. Ndiyo maana nesi wa juu anaweza kumaliza miaka mingi kazini bila kuuona, akaamini kabisa kwamba "watu wetu hawana".

Lakini "watu wetu" ni akina nani? Hapa ndipo hoja ya mbari, na hata ya kabila, inapoanza kuyumba. Waluo ni Waniloti kwa lugha. Jamaa zao wa lugha ni Wakalenjin na Wamaasai. Waluhya ni Wabantu. Lugha hizo ziko mbali mbali sana. Kama jeni zingefuata mafungu tunayoyasikia midomoni, Mluo angefanana na Mnandi na kutofautiana na Mluhya. Kwa jeni hii ni kinyume: Waluo na Waluhya wa tambarare zenye malaria wote wana S kwa wingi, huku Waniloti wa nyanda za juu wakiwa nayo kidogo sana. Uchunguzi mpana wa DNA za Waafrika uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya asili ya Waluo wa Kenya inaingiliana na ya majirani zao Wabantu. Mababu waliifuata Nailo kuja kusini, wakafika ziwani, wakaoa na kuolewa. Lugha ilibaki, damu ikachanganyika. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila jamii duniani, na ndiyo sababu ya kwanza miteremko huwa laini: watu huoana na jirani, na jirani huoana na jirani yake.

Vuka sasa bara zima. S iko Ugiriki, iko Sisilia, iko kusini mwa Uturuki, iko kwenye chemchemi za mashariki mwa Saudia, na iko kwa wingi katika baadhi ya jamii za India. Kote huko malaria ilikaa karne nyingi. Rudi Afrika, nenda kusini kabisa kwa Waxhosa, ambao rangi yao haina shaka, na utaikuta ni adimu. Kwa hiyo, mama, ukisema sikoseli ni ugonjwa wa watu weusi, unamwacha nje Mgiriki anayeumwa na unamwingiza Mxhosa asiye nayo. Mwanaanthropolojia Frank Livingstone, ambaye alisoma jeni hii hii Afrika Magharibi, ndiye aliyeandika mwaka 1962 kwamba mbari hazipo, iliyopo ni miteremko tu. Alikuwa na ramani kama hii mkononi.

Najua utaniuliza: na rangi ya ngozi je, hiyo si iko wazi? Iko wazi, ila nayo ni mteremko, na umeelekea upande mwingine. Ngozi imefuata jua. Penye jua kali, ngozi nyeusi hulinda folati, aina ya vitamini B, isiharibiwe mwilini. Penye jua hafifu, ngozi nyeupe hurahisisha kutengeneza vitamini D. Tukiyafuata maji ya ziwa letu kutoka Jinja, Nailo inapita Juba, Khartoum, Aswan hadi Kairo. Ukisafiri kwa ndege kutoka Kisumu hadi Kairo utashuka useme hawa ni watu wengine. Ukienda kwa miguu, ukilala kila kijiji, hutapata kijiji ambapo watu wa ukingo mmoja ni weusi na wa ukingo wa pili ni weupe. Kila siku utawaona wanafanana na wale wa jana. Pale Maseno, ambako mstari wa ikweta unakata barabara ya kwenda Busia, watoto wa shule hupenda kupiga picha mguu mmoja kusini mmoja kaskazini. Jua linalowapiga magoti yote mawili ni lile lile.

La kuangalia zaidi ni kwamba miteremko hii haiendi pamoja. Ya S inafuata malaria, ikipanda na kushuka na milima. Ya ngozi inafuata jua, ikweta kwenda ncha. Uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa mabichi bila tumbo kumvuruga unafuata ufugaji: Mmaasai anao, Mswidi anao, kila mmoja kwa badiliko lake tofauti la DNA, huku wengi wa Asia ya Mashariki wakiwa hawana. Ukigawa watu kwa ngozi, unamweka Mluo pamoja na mtu wa Papua Nyugini na wa kusini mwa India. Ukigawa kwa S, Mluo yuko na Mgiriki. Ukigawa kwa maziwa, Mmaasai yuko na Mswidi. Kama mbari zingekuwa mafungu ya kweli ya jeni, tofauti zote hizi zingekatika mahali pamoja. Hazikatiki pamoja, na hilo kwangu ndilo jibu zito kuliko yote.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ni zuri na mara nyingi halijibiwi vizuri. Kipimo cha DNA kinaweza kweli kukisia asili ya mtu, na asikwambie mtu kwamba ni uganga. Mwaka 1972 Richard Lewontin alichukua jeni 17 za damu na kuhesabu tofauti zinakaa wapi. Karibu asilimia 85 alizikuta ndani ya jamii moja moja, yaani kati ya mtu na jirani yake. Nane hivi zilikuwa kati ya jamii na jamii za "mbari" ileile. Kati ya mbari zenyewe zilibaki 6 tu. Vipimo vya baadaye vyenye alama nyingi zaidi za DNA vimetoa picha ya aina hiyo. Kwa hiyo ukichukua jeni moja ya Mluhya wa Webuye na ya Mnorwe, huwezi kujua ipi ni ya nani, isipokuwa kwa bahati. Ila ukichukua alama 100,000, kila moja ikiwa na mteremko wake mdogo, huku nyingi kidogo, kule chache kidogo, zikijumlishwa zinaelekeza mahali.

Fikiria mtu anayekusikiliza ukiongea. Akisikia neno moja tu, hajui umetoka wapi. Akikusikiliza saa nzima, atasema huyu ni wa Kakamega, au huyu ni wa Mombasa. Haimaanishi kwamba kuna mpaka ambapo Kiswahili cha pwani kinakoma na cha bara kinaanza. Kumjulia mtu mahali kwenye mteremko ni jambo moja. Kuukata mteremko vipande ni jambo lingine. Na kipimo kinalinganisha na sampuli kilizonazo. Waluhya wa Webuye, Bungoma, wamo kwenye hazina kubwa ya DNA ya watu 2,504 kutoka jamii 26 iliyokamilika mwaka 2015. Ukipima watu wa Webuye, wa Uingereza na wa Beijing peke yao, utaona mafungu matatu safi, kwa sababu umeruka vijiji vyote vya katikati. Ukiviingiza, nafasi kati ya mafungu inajaa. Sisemi inajaa kabisa: bahari, Sahara na milima ya Himalaya vimepunguza kuoana, na hapo mteremko una ngazi ndogo. Lakini ni ngazi ndogo kweli. Na ndani ya Afrika tu kuna tofauti nyingi kuliko bara lolote, hata watu wawili wa Afrika wanaweza kupishana kwa DNA kuliko Mzungu na Mchina.

Nina sababu ya kulishikilia hili, na nitakusimulia. Miaka kadhaa iliyopita waliletwa kwangu mama na mtoto wa miaka minne kutoka upande wa Nandi Hills. Mtoto alikuwa na macho ya manjano na wengu uliovimba. Alipokuwa na miezi minane vidole vilikuwa vimevimba kama soseji. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kimemtibu malaria mara sita, na baridi yabisi mara mbili. Mama alipouliza kuhusu sikoseli, aliambiwa nyinyi watu wa juu hamna hiyo. Hakuna aliyemtoa damu kumpima.

Nilimuuliza habari za mababu badala ya kabila. Bibi mzaa mama yake alikuwa ameolewa Nandi akitokea uwanda wa Kano. Na baba wa mtoto? Mama yake huyo baba alikuwa binti wa mchuma chai aliyetoka Vihiga. Wote wawili wanaongea Kinandi, wameandikwa Wanandi, na ni Wanandi.

Kipimo cha mundu kilitoka chanya, lakini hicho hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kudanganya kwa sababu bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Tukapeleka damu zao ikapimwe kwa umeme: himoglobini inawekwa kwenye ukanda, umeme unaivuta, A inakimbia mbele na S inachelewa. Kwenye ukanda wa mama kulikuwa na mistari miwili. Kwa baba miwili. Kwa mtoto ulikuwa mmoja tu wa maana, mahali pa S.

Alianzishiwa penisilini ya kila siku, foliki asidi na dawa ya kuzuia malaria, na baadaye haidroksiurea. Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama wadogo zake nao wanapaswa kupimwa. Nikamwambia waje wote. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Mmoja alikuwa AS, naye alikuwa amechumbiwa, kwa hiyo siku hiyohiyo tulimpigia simu mchumba wake.